Riesling ya Mosel: kavu, nusu tamu au tamu? Chagua kwa kuangalia asidi, si sukari peke yake

Rafu ya Riesling za Ujerumani, yaani mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilohilo, humchanganya hata mnunuzi mzoefu. Zabibu ni ileile, bonde ni lilelile, pengine hata mkulima ni yuleyule, lakini chupa moja ina gramu 5 za sukari kwa lita na jirani yake ina gramu 95. Zote ni ndefu na nyembamba, na lebo zimejaa Kijerumani. Hapa nitashika bonde moja tu, Mosel, pamoja na mito ya Saar na Ruwer inayoingia humo, kwa sababu ngazi zote za utamu hutengenezwa huko kutokana na zabibu hii moja.

Takwimu hizi ni za kawaida kwa kila aina, na majina ya Kijerumani nitayaeleza chini ya jedwali. Si za chupa fulani. Mwaka na mtengenezaji huzisogeza juu au chini.

| Aina | Sukari (g/l) | Asidi (g/l) | Kilevi |
|---|---|---|---|
| Trocken | 5 | 7.5 | 12.5% |
| Feinherb | 20 | 7.5 | 11% |
| Kabinett tamu | 45 | 8.5 | 8.5% |
| Spätlese tamu | 65 | 8 | 8% |
| Auslese tamu | 95 | 8 | 7.5% |

Safu ya asidi ndiyo ya kutazamwa. Sukari imepanda karibu mara ishirini kutoka juu hadi chini, kilevi kimeshuka sana, lakini asidi haijasogea kiasi cha kusimulia. Zabibu nyingi nyeupe zikiachwa mtini mpaka zifikie sukari ya Auslese, asidi yake huwa imeshaporomoka, na mvinyo wake mtamu humkinaisha mtu kabla glasi haijafika nusu. Riesling inaiva huku asidi yake ikiwa imesimama. Ndiyo maana mtu anayeapa kwamba hanywi mvinyo mtamu anaweza kumaliza glasi ya Kabinett na kuomba nyingine bila kujua kwamba amekunywa gramu 45 kwa lita.

Lebo inasema nini

Kuna maneno ya makundi mawili, na wengi huyachanganya. Kundi la kwanza linahusu sukari iliyobaki ndani ya mvinyo: trocken ni mkavu, halbtrocken ni nusu mkavu. Feinherb iko jirani na halbtrocken, mara nyingi tamu kidogo zaidi, ila sheria haijaiwekea kipimo, kwa hiyo kila mtengenezaji hulitumia neno hilo anavyoona. Kundi la pili, yaani Kabinett, Spätlese na Auslese, linahusu sukari iliyokuwa ndani ya zabibu siku ya kuvunwa. Halisemi lolote kuhusu kiasi kilichobaki baada ya hapo. Ndiyo maana kuna Spätlese trocken, ambayo ni kavu kabisa japo zabibu zake zilikuwa zimeiva sana. Mosel, chupa iliyoandikwa Kabinett au Spätlese bila neno trocken wala feinherb kwa kawaida ni tamu. Ukienda mikoa ya kusini zaidi, mazoea hayo huyumba.

Lebo ikikutatiza, tafuta asilimia ya kilevi. Haidanganyi, na sababu yake ni hesabu ndogo. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa kilevi, na kila asilimia moja ya kilevi hugharimu takriban gramu 17 za sukari kwa lita. Chukua maji ya zabibu yenye gramu 190. Hamira ikiachwa imalize kazi, utapata mvinyo mkavu wenye kilevi cha asilimia 11 hivi. Sasa mtengenezaji akiupoza mvinyo ghafla ulipofika asilimia 8.5, akatia salfa kidogo na kuchuja hamira yote, itakuwa imekula gramu 145 na kuacha 45. Hiyo ndiyo Kabinett ya kwenye jedwali. Sukari yake haikumiminwa. Ni ile ya zabibu yenyewe ambayo hamira haikuruhusiwa kuimaliza.

Kwa hiyo Riesling ya Mosel yenye asilimia 7 hadi 9 ni tamu. Yenye 12 na kuendelea ni kavu au karibu. Katikati, asilimia 10 na 11, ndiko kwenye utata: inaweza kuwa feinherb, au ikawa kavu iliyotokana na zabibu zilizovunwa mapema. Hapo soma maneno ya lebo.

Asidi inafanyaje kazi

Jaribu hili jikoni kabla hujatoa hela. Chukua glasi mbili za maji baridi, mililita 250 kila moja, na katika kila glasi koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari. Hizo ni gramu 12 hivi, sawa na takriban 50 kwa lita, yaani utamu wa Kabinett. Glasi ya kwanza iache hivyo. Ya pili itie vijiko viwili vya mezani na nusu vya maji ya ndimu, ambavyo vitaleta asidi iliyo karibu na ya Riesling kali. Onja ya kwanza: utamu unakuja, unakaa, unaganda kooni, na ukimeza unabaki nao. Onja ya pili: utamu bado upo mwanzoni, lakini katikati unakatwa, mate yanakujaa pembeni mwa ulimi, na baada ya sekunde chache kinywa ni kisafi. Sukari uliyotia ni ileile katika glasi zote mbili.

Mambo mawili yanatokea kwa pamoja. La kwanza ni kwamba ladha tamu na ladha chachu zikikutana mdomoni, kila moja huipunguzia mwenzake nguvu. Asidi haili sukari wala haiibadilishi. Inachobadilisha ni jinsi tunavyoihisi. Kazi hiyo huenda pande zote mbili, kwani gramu 8.5 za asidi bila sukari zingekuuma meno. Waliowahi kuonja Riesling kavu ya mwaka wa baridi iliyovunwa kabla ya wakati wanaujua ukali huo. Jambo la pili ni mate. Uchachu huyaamsha, nayo huosha sukari iliyoganda kwenye ulimi na mashavu. Mvinyo mtamu unakinaisha si kwa sababu ya utamu wa mara ya kwanza bali kwa sababu kila funda linakuta mabaki ya lililopita. Mate yakija haraka, funda la tano linaonjeka karibu sawa na la kwanza.

Kilevi kidogo nacho kinasaidia, na hili husahaulika. Kilevi huongeza uzito na joto mdomoni, na chenyewe kina utamu fulani. Sukari gramu 45 pamoja na kilevi asilimia 13 ingekuwa nzito hata kama asidi ni kali. Kwa asilimia 8.5, mvinyo unapita mwepesi.

Ukitaka kuona kwamba sukari peke yake haikuambii kitu, linganisha Kabinett hiyo na mvinyo mtamu wa bei nafuu wa zabibu ya Müller-Thurgau, ambayo asidi yake ni laini. Tuseme huo una sukari gramu 35 na asidi 5.5. Mnunuzi anayetazama sukari tu atasema wa 35 ndio mwepesi. Lakini gawanya sukari kwa asidi: 35 kwa 5.5 ni 6.4, wakati 45 kwa 8.5 ni 5.3. Wenye sukari kidogo ndio utakaoonekana mtamu zaidi, tena mzito, na ndio utakaoachwa kwenye glasi.

Sheria ya mvinyo inajua jambo hili. Mvinyo wa kawaida unaitwa trocken ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4, lakini unaruhusiwa kufika mpaka 9 ikiwa sukari haizidi asidi kwa zaidi ya gramu 2. Riesling yenye asidi 7.5 basi inaweza kuwa na sukari 9 na bado ikaandikwa kavu kihalali, na ukweli ni kwamba wanywaji wengi hawataihisi sukari hiyo. Zabibu yenye asidi 5 ingeishia 7. Halbtrocken nayo ina kanuni ya namna hiyo: gramu 12, au mpaka 18 kama sukari haizidi asidi kwa zaidi ya 10.

Nyuma ya baadhi ya chupa, hasa za Marekani, utakuta mstari wenye mshale unaoonyesha utamu. Huo ni mfumo wa International Riesling Foundation, nao unaanza na mgawanyo uleule wa sukari kwa asidi: chini ya 1 ni kavu, 1 hadi 2 ni nusu kavu, zaidi ya 2 hadi 4 ni nusu tamu, juu ya hapo ni tamu. Kisha pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, inasahihisha. Mvinyo wenye pH ya chini, kama 2.9, unaweza kushushwa ngazi moja kuelekea ukavu, na wenye pH ya 3.3 na kuendelea ukapandishwa. Ni msaada mzuri kwa mtu anayechagua kati ya kavu na nusu kavu. Kwa Mosel tamu hausaidii sana, maana Kabinett yenye mgawanyo wa 5 na Auslese yenye 12 huangukia kapu moja la "tamu", na mtu yeyote aliyeonja zote mbili anajua si vinywaji vya meza moja.

Asidi hiyo inatoka wapi, na lini inakosekana

Zabibu ina asidi kuu mbili, ya tatariki na ya maliki. Ya maliki huchomwa na tunda lenyewe linapopumua, na joto huharakisha uchomaji huo. Mosel iko karibu na nyuzi 50 kaskazini, usiku wa Septemba na Oktoba ni wa baridi, na Riesling huchelewa kuiva, kwa hiyo wiki zake za mwisho mtini hupita katika ubaridi. Sukari inapanda polepole kwa jua la mchana kwenye miteremko mikali ya mawe, huku asidi ya maliki ikitunzwa na baridi ya usiku. Baada ya mavuno watengenezaji wengi huzuia pia bakteria wasiigeuze asidi hiyo kuwa ya laktiki iliyo laini, jambo ambalo kwa mivinyo mingine meupe, kama Chardonnay nyingi, hufanywa makusudi.

Mwaka ukiwa wa joto kupita kiasi, mpango huu unavurugika. Joto la 2003 lilileta sukari nyingi na asidi hafifu Ulaya karibu yote, na baadhi ya Auslese za mwaka ule ni nzito, za kunywa kidogo. Mwaka 2010 ulikuwa kinyume chake: asidi ilikuwa juu kiasi kwamba baadhi ya watengenezaji walilazimika kuipunguza, lakini Spätlese na Auslese za mwaka huo zina mkato ambao wapenzi wa mivinyo tamu huutafuta. Kwa hiyo kama unanunua tamu, mwaka wa baridi ni rafiki yako. Kama unanunua kavu, mwaka uliopata jua la kutosha ni salama zaidi.

Kujua kama asidi inatosha hakuhitaji maabara. Meza funda, hesabu mpaka kumi. Kama mate yanaendelea kuja na kilichobaki ni ladha ya tunda au ndimu, mizani iko sawa. Kama kilichobaki ni utamu mtupu na midomo inanata, asidi imeshindwa. Lakini usihukumu mvinyo uliopata joto. Kwa nyuzi 20 utamu wowote hujitokeza na uzito unaongezeka, hivyo chupa njema iliyosahauliwa mezani itaonekana mbovu. Kabinett na Spätlese zinywe kwa nyuzi 8 hadi 10.

Basi uchukue ipi?

Kati ya trocken na feinherb, swali ni chakula. Samaki wa kuchoma mwenye chumvi na ndimu, au kuku asiye na viungo vikali, vinakubaliana na trocken bila shida. Ukiweka pilipili, mambo yanageuka: kilevi cha asilimia 12.5 huichochea pilipili, na mvinyo mkavu unaonekana mchungu. Feinherb inatuliza kidogo. Ila kwa maoni yangu watu wengi hununua feinherb kwa woga, wakidhani wamejihifadhi katikati, wakati kwa chakula chenye pilipili Kabinett ingewafaa zaidi na kwa kisicho na pilipili trocken ingetosha. Feinherb inapendeza hasa ikinywewa na kitu chenye utamu mdogo wa asili, kama kamba au kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa chekundu.

Kabinett ndiyo ningemwekea mtu asiyewahi kuonja Riesling tamu. Ina kilevi kidogo, asidi yake ni kali kuliko zote kwenye jedwali, na sukari yake inatosha kukabili samaki wa kupaka mwenye tui na pilipili: tui linataka uchachu wa kulikata, pilipili inataka utamu wa kuipoza, na vyote viwili vimo katika chupa moja. Kama huna chakula, inanyweka peke yake mchana. Usiiweke na keki. Kitu kitamu kuliko mvinyo hunyang'anya mvinyo utamu wake wote, na Kabinett ikibaki bila utamu huonekana kama ndimu tupu. Wengi wanaolalamika kwamba Riesling ni chachu mno waliionja baada ya kipande cha keki.

Spätlese ni nono zaidi, ladha yake ni ya tunda lililoiva zaidi, na inafaa nyama ya bata au jibini yenye chumvi. Ukisitasita kati yake na Kabinett, angalia umri wa chupa. Spätlese ikiwa changa inaweza kuonekana tamu mno, lakini baada ya miaka kumi utamu unaouhisi hupungua ingawa sukari ikipimwa ni ileile. Ukinunua ya kunywa leo, chukua Kabinett. Ukinunua ya kuweka, Spätlese.

Auslese si ya chakula cha kawaida. Ni glasi ndogo baada ya mlo, au pamoja na jibini ya buluu. Juu yake kuna Beerenauslese, Trockenbeerenauslese na Eiswein, ambazo huuzwa mara nyingi kwa nusu chupa na kwa bei ya kushtua. Zile mbili za kwanza hutokana na punje zilizonywea, kwa kawaida baada ya kushikwa na kuvu wa Botrytis, hivyo zina harufu ya asali. Eiswein hukamuliwa zabibu zikiwa zimeganda mtini kwa nyuzi 7 chini ya sifuri au baridi zaidi. Maji hubaki kama barafu ndani ya kikamulio, na kinachotoka ni sukari na asidi vilivyokolea kwa pamoja. Kama kinachokuvutia ni ule mkato wa asidi, Eiswein itakupa zaidi ya Beerenauslese.

Mwenye kisukari asidanganywe na wepesi wa mdomoni. Glasi ya mililita 150 ya Kabinett yenye gramu 45 kwa lita ina karibu gramu 7 za sukari, na ya Auslese ina karibu 14. Asidi imeificha kwa ulimi tu, si kwa damu. Kwa mtu huyo, na kwa yeyote anayehesabu sukari, chaguo ni trocken, na gramu 5 kwa lita katika glasi hiyo si hata gramu moja.